Kosa kwenye barua pepe ya Kifaransa: utume sahihisho fupi, barua nzima upya, au upige simu?

Anayeshughulika na mizigo ya Komoro kutoka bandari ya Mtwara anaujua utaratibu. Kwa simu unaweza kuongea Kiswahili na mara nyingi Mngazija akakuelewa, lakini kinachoandikwa huandikwa Kifaransa, kwa kuwa ndicho kitakachosomwa na karani wa benki, wa bima na wa forodha kule Moroni. Maneno ya simu hupita. Barua pepe hubaki, hupelekwa kwa wengine na huchapishwa kwenye karatasi, pamoja na kosa lake. Ndiyo maana namna ya kurekebisha kosa hilo inahitaji kuchaguliwa. Njia ziko kadhaa, na si kila njia inafaa kila kosa.

Tuchukue mfano mmoja. Karani wa ofisi ya uwakala anamwandikia mnunuzi wa saruji wa Moroni, siku ya Alhamisi tarehe 11 Juni, kumjulisha lini mzigo wake utapakiwa. Mnunuzi atamtuma mtu wake aje kuhesabu mifuko ikipanda melini. Alichokusudia karani ni Jumanne ya tarehe 16, saa mbili asubuhi. Alichoandika ni hiki:

```
Le chargement commencera le mardi 16 juin à 2 h.
```

Kosa limetokana na saa yetu. Sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza, Mfaransa anaanza usiku wa manane, kwa hiyo saa mbili asubuhi kwake ni « 8 h », na « 2 h » ni saa nane za usiku. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halijionyeshi. Sentensi imekaa sawa, sarufi haina neno, kompyuta haitapiga mstari mwekundu, na meli kupakiwa usiku si jambo la ajabu hata msomaji ashtuke. Mtu wa mnunuzi atafika getini saa nane usiku na hatamkuta wa kumpokea.

Karani amegundua saa moja baada ya kutuma. Afanye nini?

Kuirudisha barua: njia ya sekunde chache tu

Wengi hukimbilia hapa kwanza, basi tuimalize haraka. Gmail ina kitufe cha kutendua baada ya kutuma, na muda wake huchaguliwa kwenye mipangilio: sekunde 5, 10, 20 au 30. Uweke 30 leo hii. Ukishapita, barua imekwenda. Outlook ina amri ya kuirudisha barua, lakini hiyo hufanya kazi ndani ya taasisi moja tu, pale ambapo wote wanatumia mfumo uleule wa Microsoft. Mtu wa nje, kama mnunuzi wa Moroni, barua yako anabaki nayo, na pengine anapata ujumbe wa pili unaomwambia kuwa umejaribu kuirudisha. Hapo umemwonyesha kuna tatizo bila kumwambia ni lipi. Bora usiguse.

Sahihisho fupi

Kwa kosa moja linaloweza kutajwa kwa neno moja au tarakimu moja, hili ndilo jibu, na kwa karani wetu ndilo ningemchagulia. Wafaransa wana muundo wao wa zamani kwa jambo hili, uliotoka kwenye vitabu na magazeti, na kichwa chake ni neno « Erratum ». Makosa yakiwa mawili au zaidi huandikwa « Errata ». Barua yenyewe ingekuwa hivi:

```
Objet : Erratum – chargement du 16 juin à Mtwara

Monsieur,

Une erreur s'est glissée dans mon message du 11 juin.
Pour l'heure du chargement, il faut lire « 8 h »
et non « 2 h ».
Le reste du message est inchangé.

Je vous prie de m'excuser pour cette erreur.

Cordialement,
```

Mistari michache, na kila mmoja una kazi. Kichwa kinataja neno la kusahihisha na kinataja mzigo, ili mtu anayesoma kwenye simu, ambaye huona kichwa na maneno machache ya mwanzo, ajue kabla ya kufungua. Ukibadilisha kichwa namna hii, Gmail huitenga barua na mazungumzo ya awali na kuiweka peke yake. Wapo wasiopenda jambo hilo, lakini kwa sahihisho lina faida: barua haifichiki chini ya majibu kumi ya « Bien reçu, merci ».

Mstari wa kwanza unataja tarehe ya barua yenye kosa. Usiandike « ce matin ». Huyo bwana anaweza kuisoma kesho, au siku hiyo umemwandikia mara tatu.

Mstari wa pili ndio moyo wa barua. Kwenye vitabu vya Kifaransa, mpangilio wa zamani hutanguliza kosa: « au lieu de “2 h”, lire “8 h” ». Kitabuni ni sawa, maana msomaji ana ukurasa mbele yake na anatafuta neno la kufuta. Katika barua pepe ninashauri ugeuze, sahihi itangulie na kosa lifuate. Anayesoma mbiombio huondoka na tarakimu ya kwanza aliyoiona, nawe unataka aondoke na 8. Kosa lenyewe usiache kulitaja. Ukiandika tu kwamba kupakia kutaanza saa 8, msomaji hatajua kama umesahihisha au umebadilisha mpango, na haya ni mambo mawili tofauti. Mpango ukibadilika ana haki ya kuuliza sababu na pengine kudai gharama. Kosa la kuandika likisahihishwa hana la kuuliza.

Mstari wa tatu, « Le reste du message est inchangé », watu wengi huuruka, nao ndio unaomwondolea msomaji wasiwasi. Bila huo atarudi kwenye barua ya kwanza ajiulize kama idadi ya mifuko nayo ni ya kuaminika. Lakini usiuandike kabla hujaisoma tena barua yako yote. Sahihisho la pili juu ya sahihisho la kwanza huumiza jina la ofisi kuliko kosa lenyewe.

Kuhusu kuomba radhi, mstari mmoja unatosha. Na uwe « Je vous prie de m'excuser », si « Je m'excuse ». Hii ya pili husikika kila siku mitaani, lakini msomaji wa Kifaransa aliyefundwa vizuri huiona kama mtu anayejisamehe mwenyewe badala ya kuomba asamehewe. Katika barua ya kibiashara haina sababu ya kuwepo.

Kuna jambo moja ambalo watu hubishania: « une erreur s'est glissée », yaani kosa limejipenyeza lenyewe, kana kwamba hakuna aliyelileta. Mswahili akiisoma anaweza kucheka, kwamba huyu anakwepa. Kwa Kifaransa ni kauli iliyozoeleka ya adabu, na kwa kosa dogo lililowahiwa kabla ya kuleta hasara inafaa kabisa. Inampa kila mtu nafasi ya kusonga mbele bila kuulizana nani kafanya nini. Ila ina mpaka wake. Kama mtu wa mnunuzi amekwisha kuja getini saa nane usiku akarudi, kosa halikujipenyeza. Hapo andika wazi: « J'ai commis une erreur dans mon message du 11 juin ». Kukwepa mbele ya mtu aliyepata hasara hakuna staha.

Mwisho wa barua uufananishe na wa barua ya kwanza. Kama ulimaliza kwa « Cordialement », maliza hivyo hivyo. Ukimalizia kwa « Veuillez agréer, Monsieur, l'expression de mes salutations distinguées » wakati siku zote mnaandikiana kirafiki, atadhani kuna kesi inakuja. Salamu ya juu nayo ni hivyo: kama ulianza na « Monsieur », usigeuke sasa kuwa « Cher ami ».

Halafu itume kwa wote waliopata barua ya kwanza, pamoja na waliopewa nakala. Karani wetu alimpa nakala mwenye meli na wakala wa forodha wa Moroni. Akimsahihishia mnunuzi peke yake, watu wawili wanabaki na saa nane usiku, na hao ndio watakaoagiza gari na watu wa kupakua.

Nyongeza ndogo kwa wanaoandikia mbali zaidi: Moroni na Mtwara saa ni moja, kwa hiyo « 8 h » inatosha. Ukiandika Marseille, ongeza « heure de Mtwara », maana Ufaransa iko nyuma yetu kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi.

Kutuma barua nzima upya

Njia ya pili nayo ina jina lake huko Ufaransa: « Annule et remplace », yaani hii inaifuta ile na kukaa mahali pake. Makarani wa Kifaransa huiandika kwenye ankara, kwenye ratiba, hata kwenye tangazo la mlangoni. Nguvu yake ni kwamba haiachi maswali: karatasi ya zamani imekufa, mpya ndiyo inayoishi.

Uichague pale ambapo barua itatumika kama hati, au ina kiambatanisho chenye kosa, au makosa yamezidi mawili. Mfano mzuri ni wa tarakimu, na kwetu Kusini mwenye kuuza korosho unamhusu sana. Mtu wa Lindi anaandika kwamba atauza korosho zilizobanguliwa « 1,250 kg ». Sisi tunasoma elfu moja mia mbili hamsini, kwa kuwa mkato wetu hutenga maelfu. Kwa Kifaransa mkato ndio alama ya desimali, na maelfu hutengwa kwa nafasi. Mnunuzi wa Moroni atasoma kilo moja na robo. Wala hatashangaa, kwa sababu kilo moja na robo ni uzito wa kawaida wa sampuli. Atakujibu kwa furaha kwamba anaisubiri kwa ndege.

Hapa sahihisho fupi linaweza kueleza kosa, lakini ankara ya awali iliyoambatanishwa ingali na « 1,250 kg » ndani yake, na ndiyo itakayopelekwa benki. Lazima hati ibadilishwe:

```
Objet : Annule et remplace – facture proforma, amandes de cajou

Monsieur,

Le présent message annule et remplace celui du 11 juin.
Modification : quantité, lire « 1 250 kg »
(50 cartons de 25 kg) et non « 1,250 kg ».
Vous trouverez ci-joint la facture proforma corrigée.

Je vous prie de m'excuser pour cette erreur.
```

Angalia mstari wa « Modification ». Watu wengi huutupa, wakatuma barua ndefu upya yenye maneno ya « annule et remplace » juu, na kumwachia msomaji kazi ya kuweka barua mbili kando kwa kando akitafuta kilichobadilika. Hapo ndipo njia hii inapozidiwa na sahihisho fupi: inamchosha msomaji, na aliyechoka atasoma ile aliyokwisha kuisoma. Mstari mmoja unaotaja mabadiliko unaiponya kasoro hiyo.

Nimeweka katoni kwenye mabano kwa makusudi. Nafasi ndani ya « 1 250 » inaweza kukatika mwisho wa mstari, ikabaki 1 huku na 250 kule. Kwenye Word unaizuia kwa kubonyeza Ctrl+Shift+Space badala ya nafasi ya kawaida. Lakini hata ikikatika, katoni 50 za kilo 25 hazisomeki vibaya katika lugha yoyote. Kosa la tarakimu husahihishwa vizuri zaidi ukiipa tarakimu mpya shahidi wa pembeni.

Faili jipya nalo lipe jina jipya. Kama la kwanza lilikuwa `proforma.pdf`, hili liwe `proforma_corrigee.pdf`. Mafaili mawili yenye jina moja kwenye kompyuta ya mtu mwingine ni mtego: la zamani litafunguliwa siku ambayo hukutarajia.

Kwa karani wetu wa saruji njia hii ingekuwa nzito. Barua yake haina kiambatanisho, kosa ni tarakimu moja, na kumtumia mtu aya nne upya kwa ajili ya saa ni kumpotezea muda.

Barua ya radhi

Hii ndiyo inayotutoka wenyewe tusipojizuia. Malezi ya pwani yanatufundisha kutotangulia na shida: kwanza salamu, hali, watu wa nyumbani, halafu samahani, halafu jambo. Ana kwa ana ni uungwana. Ukiuhamishia kwenye Kifaransa cha ofisini inatoka aya nzima ya « je suis vraiment désolé », umeme ulikatika, mtandao ulisumbua, karani ni mgeni, haitatokea tena. Saa sahihi inakuja kwenye mstari wa tisa, kama inakuja.

Msomaji hapo anapata mambo mawili ambayo hukukusudia. Anaona kosa ni kubwa kuliko lilivyo, na anajifunza kwamba ofisi yako ina karani mgeni na mtandao mbovu. Sababu ya kosa hahitaji kuijua. Ukitaka kumtaarifu hali na kumsalimia, mpigie.

Barua ndefu kidogo nitaikubali mahali pamoja tu, pale kosa lilipomgharimu mtu fedha au siku. Hata hapo urefu utumike kueleza utakachofanya, kama kulipa gari lililosubiri au kuweka siku mpya. Majuto yabaki mstari mmoja.

Kukaa kimya

Si kila kosa linadai sahihisho. Umesahau alama juu ya herufi, umeandika « bonne journé » bila « e » ya mwisho, umeweka « le » pahali pa « la »: acha. Sahihisho la tahajia linamlazimisha mtu afungue barua ili aone jambo ambalo huenda hakuliona. Isipokuwa herufi imegeuza bidhaa. Anayeuza pweza na samaki wa Kilwa au Mikindani akiandika « poison » kwa « s » moja, ametangaza anauza sumu. Kwenye maongezi watacheka yaishe, kwenye ankara asahihishe.

Jina na cheo cha mtu hayamo kwenye ruhusa hii. Umemwita mama « Monsieur », au umekosea jina lake la ukoo, umsahihishie. Ila yeye peke yake, bila nakala kwa mtu, na bila neno « Erratum » kwenye kichwa. Sentensi moja mwanzoni mwa barua inayofuata inatosha: « Je vous prie de m'excuser, Madame, d'avoir mal orthographié votre nom. » Hapa kuwatumia wote ndiko kunakoleta aibu, maana nusu yao hawakuwa wameona.

Simu kwanza

Swali la kujiuliza kabla ya kuandika chochote ni hili: je, kuna mtu anayeweza kuwa ameshaanza kutenda kwa kufuata kosa langu? Karani wetu aligundua Alhamisi, kupakia ni Jumanne, barua inatosha. Angegundua Jumatatu jioni, barua pekee ingekuwa kamari. Apige simu, aongee Kiswahili, ahakikishe mtu wa mnunuzi amesikia saa mbili asubuhi na si saa nane usiku, kisha ndipo aandike:

```
Comme je vous l'ai indiqué par téléphone, il faut lire
« 8 h » et non « 2 h » dans mon message du 11 juin.
```

Usiiruke barua hiyo kwa kuwa mmeshaongea. Mwenye meli na wakala wa forodha hawakuwa kwenye simu, na mtu wa bima akija kuuliza mwezi ujao hatasikiliza mlichoongea.

Lipo kosa moja ambalo barua pepe peke yake haifai hata kidogo, fupi au ndefu: namba ya akaunti ya benki. Barua inayosema « Erratum – coordonnées bancaires », lire hii et non ile, ndiyo hasa wanayoiandika matapeli wanaoingilia mawasiliano ya wafanyabiashara. Mnunuzi mwenye akili ataitilia shaka, na asiyeitilia shaka atakuwa amefundishwa nawe kuziamini barua za namna hiyo. Kama kweli umekosea tarakimu ya akaunti, piga simu kwa namba ambayo mnunuzi amekuwa nayo siku zote. Mwombe aisome namba yote tarakimu moja moja, kisha mtumie ankara mpya ya « annule et remplace », yenye muhuri, na umsihi asilipe mpaka akupigie yeye mwenyewe akiwa na karatasi hiyo mkononi.